Barua ya Idi na Ratiba ya Ubaoni

Bahasha iliyonifikia kutoka Nsemulwa, hapa Mpanda, ina barua mbili. Ya kwanza ni yangu: mama mwenye binti wa kidato cha tatu ananipa shikamoo na kuniomba nasaha. Ya pili ni nakala ya barua anayokusudia kuipeleka shuleni kwa binti yake. Ratiba ya mtihani wa kufunga muhula imekwisha bandikwa ubaoni, na Hisabati imeangukia Jumatano tarehe 27 Mei 2026, saa 2:00 asubuhi. Kalenda iliyotundikwa sebuleni kwake inasema siku hiyo ni Idi ya Kuchinja.

Barua yake kwa shule ni ya mistari sita. Inaanza kwa kusema wazazi Waislamu wamechoka kudharauliwa. Mstari wa tatu unaitaja Katiba. Mstari wa tano unataka mtihani uahirishwe mara moja, na wa sita unaahidi kwamba la sivyo atakwenda ngazi za juu.

Marahaba, mama. Usiipeleke hiyo.

Sikwambii hivyo kwa sababu huna haki. Haki unayo hata usipoitaja. Idi ni sikukuu ya kitaifa katika nchi hii, ofisi hufungwa, na uhuru wa kuabudu umo katika ibara ya 19 ya Katiba yetu. Ninachohofia ni kwamba barua yako inamjibu mtu ambaye bado hajakukosea. Umemchukulia aliyepanga ratiba kuwa aliiona Idi akaipuuza. Mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, ratiba za namna hiyo nimezipanga kwa mkono wangu, na naweza kukueleza inavyotokea.

Mwalimu wa taaluma huanza na siku ya kufunga shule, akahesabu kurudi nyuma. Anaweka siku tatu nne za kusahihisha na kujaza ripoti, kisha anatafuta siku za kutosha masomo yote bila kidato kimoja kuwekewa karatasi mbili ngumu siku moja. Hisabati huitafutia asubuhi, kwa kuwa ni ya saa tatu na vichwa vinakuwa bado havijachoka. Kalenda anaitazama, lakini kalenda nyingi za ukutani huiandikia Idi kinyota, na chini kabisa kwa herufi za sisimizi huweka maneno haya: kutegemea mwandamo wa mwezi. Basi anajisemea tutaona mwezi ukiandama, anaendelea na kazi. Halafu anasahau. Hiyo ndiyo dharau yenyewe, mama: mtu mwenye rula na penseli, saa tatu usiku, aliyesahau kinyota.

Na mwezi wenyewe unakupa nafasi ambayo barua yako haijaitumia. Idi zetu mbili hazifanani katika jambo hili. Idi ya Fitri hujulikana usiku wa kuamkia. Watu wanafungua swaumu ya ishirini na tisa hawajui kama kesho ni thelathini au ni sikukuu, mpaka Mufti atangaze. Mwaka 2024 Idi ya Fitri hapa nchini ilikuwa Jumatano tarehe 10 Aprili, mwaka 2025 ikawa Jumatatu tarehe 31 Machi, na mara zote mbili watu walilala wakiwa na redio masikioni. Idi ya Kuchinja ni tofauti, kwani ni siku ya kumi ya Mfunguo Tatu. Mwezi ukishaandama, una siku tisa kamili za kujipanga. Kwa hesabu za mwaka huu, mwezi ukionekana jioni ya tarehe 17 Mei, Idi ni Jumatano tarehe 27. Usipoonekana mpaka tarehe 18, Idi ni Alhamisi tarehe 28.

Umeona tatizo? Barua yako inapigania Jumatano peke yake. Shule ikikukubalia leo, ikaiondoa Hisabati Jumatano na kuipeleka Alhamisi, mwezi ukachelewa siku moja, utakuwa umeomba mtihani uhamishiwe kwenye Idi. Wala sijawataja ndugu zetu wanaofuata mwandamo wa Makka, ambao baadhi ya miaka huswali siku moja kabla ya jirani zao wa mtaa huohuo. Mzazi anayeandika shuleni aseme anafuata tangazo lipi, maana mwalimu asiye Mwislamu akipata barua mbili za Idi zenye tarehe mbili atadhani mmoja wenu anamdanganya.

Kabla hujaandika chochote, nenda kwanza shuleni ukaisome ratiba kwa macho yako. Usiisome siku ya Hisabati. Soma kichwa chake. Pale juu kabisa pameandikwa jina la mwenye mtihani, na barua yako inategemea jina hilo kuliko inavyotegemea aya yoyote ya Katiba.

Likiwa ni jina la shule, mtihani umetungwa na walimu wa hapohapo. Mwenye uwezo wa kuusogeza ni mkuu wa shule akishauriana na mwalimu wa taaluma, na kuusogeza kunagharimu karatasi moja ya ratiba mpya na nusu saa ya mabishano ofisini. Likiwa ni jina la kata au halmashauri, huo ni mtihani wa pamoja. Karatasi zinakuja kwenye bahasha zilizofungwa, shule zote zinafungua saa ileile. Mkuu wa shule ya Nsemulwa akifungua siku ya pili yake, maswali yatakuwa yamekwisha kumfikia binti yako kwenye simu tangu jana yake, yamepigwa picha na mtoto wa shule nyingine. Huyo mkuu hawezi kukubali hata kama anakuhurumia. Barua ya namna hiyo unamwandikia Afisa Elimu wa ngazi inayohusika kwa kupitia kwa mkuu huyo, na unaomba shule zote zisogezwe. Hali ni hiyohiyo kwa mtihani wa utimilifu wa mkoa, ila ngazi inapanda tena.

Likiwa ni jina la Baraza la Mitihani, weka kalamu chini. Ratiba za Baraza huja na maelekezo kwamba siku ya mtihani ikigongana na sikukuu ya kitaifa, mtihani unaendelea kama ulivyopangwa. Mtahiniwa asiyetokea huandikiwa `ABS` kwenye matokeo, na herufi hizo tatu hazielezi kwamba alikuwa msikitini. Hapo kazi ya mzazi inakuwa ni saa, na kwa watu wa Mpanda saa yenyewe ni finyu. Sisi tuko magharibi ya nchi lakini tunatumia saa ileile ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa Mei jua la Dar linachomoza karibu na saa 12:27 asubuhi, la kwetu linakaribia saa 1:00. Sala ya Idi haiswaliwi mpaka jua liwe limepanda kidogo. Ukiweka robo saa au dakika ishirini baada ya kuchomoza, huku hakuna sala kabla ya saa 1:15 hivi, na mtihani wa taifa wa asubuhi unaanza saa 2:00. Mtoto wa Dar ana nusu saa zaidi ya mtoto wa Nsemulwa. Inawezekana bado, kwa sababu sala ni rakaa mbili na hotuba ya Idi huja baada ya sala, tofauti na ya Ijumaa inayotangulia. Lakini yataka imamu aliyeambiwa mapema asichelewe kusubiri watu, na bodaboda inayosubiri nje ikiwa imewashwa.

Kwa bahati yako, kwa maelezo uliyoniandikia, mtihani wa binti yako ni wa shule. Usije ukaudharau kwa hilo. Mtihani wa kidato cha tatu unamfuata mtoto kwenye kumbukumbu za maendeleo yake, na mtoto anayekosa Hisabati huwekewa sifuri au kistari, na vyote viwili vinamshusha kwenye orodha ya darasa kwa somo moja zima. Kwa hiyo suala si dogo. Lakini linaweza kutatuliwa na watu wawili wanaokaa kwenye ofisi moja, na ndiyo maana sauti ya barua yako haifai. Hupigi kelele kwenye chumba cha watu wawili.

Sasa omba nini? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wazazi wengi hukosea palepale wanapodhani wamepata.

Wengi huomba mtoto wao pekee afanyiwe siku nyingine. Linaonekana ombi dogo, la mtu mnyenyekevu, lakini ndilo gumu kuliko yote. Binti yako akifanya Hisabati Ijumaa wakati wenzake wamefanya Jumatano, ama atafanya karatasi ileile ambayo rafiki zake wamekwisha mhadithia, ama mwalimu atunge karatasi ya pili. Akifanya ileile na akapata alama nzuri, darasa zima litasema alivujishiwa maswali, hata kama hakuuliza mtu. Akitungiwa nyingine, alama zake hazilinganishwi na za mtu yeyote. Tena atakuwa amewekwa kando kama mgonjwa, katika siku ambayo bila shaka si yeye peke yake Mwislamu kwenye kidato hicho. Omba kidato chote kisogezwe. Kwa shule ni rahisi zaidi, na kwa binti yako ni salama zaidi.

Halafu ipo ile ambayo mimi nimeiona kwa macho yangu: mzazi anaomba mtihani uhamie Jumamosi. Siku iko wazi, hakuna masomo, nani atakataa? Atakataa mtoto wa Kisabato anayekaa dawati la tatu. Mpanda ina Wasabato, na kwao Sabato inaanza jua likizama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi. Ukiitoa Hisabati kwenye Idi ukaiweka Jumamosi, umeutua mzigo kichwani kwako na kumtwisha jirani.

Hilo la Jumamosi limefika mpaka mahakamani kwa majirani zetu, na majibu hayakufanana. Uganda, wanafunzi wa Kisabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walishtaki chuo kwa kuwapangia mitihani siku ya Sabato. Walishindwa, na Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yao mwaka 2006. Kenya, Kanisa la Waadventista Wasabato lilishindwa Mahakama Kuu, likakata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi: wanafunzi wa Kisabato wawekewe utaratibu wa kuiheshimu siku yao shuleni. Imani moja, siku moja, mahakama mbili, majibu mawili. Nakutajia haya ili ujue kwamba unapotishia kwenda ngazi za juu, huko juu hakuna mtu anayekungoja na jibu tayari mkononi. Na miaka ambayo kesi hizo zilichukua, binti yako atakuwa amemaliza shule, ameolewa, na analea.

Waingereza walilifanya kwa njia nyingine. Mwaka 2016 Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Juni, katikati ya mitihani yao mikubwa, na baraza linalounganisha bodi zao za mitihani likaeleza kwamba baadhi ya karatasi za masomo yenye watahiniwa wengi zimewekwa kabla ya mfungo. Hawakufuta mtihani, wala hawakumpa mtu karatasi yake peke yake. Walizungumza na viongozi wa Waislamu ratiba ikiwa bado inaandaliwa. Kwa mwakani, mama, hilo ndilo la kuiga: ukutane na mwalimu wa taaluma Januari, umwambie Idi zinatazamiwa lini, naye aziandike kwa kalamu nyekundu kabla hajachora mstari wa kwanza. Idi husogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo Idi ya Kuchinja mwaka 2027 itaanguka katikati ya Mei, na bado itawakuta shuleni.

Kwa mwaka huu, nimekuandikia barua nyingine. Isome, ubadilishe unachotaka, lakini usiirefushe.

S.L.P. (namba yako),
Nsemulwa, Mpanda.
Tarehe 4 Mei 2026.

Mkuu wa Shule,
(jina la shule),
Mpanda.

YAH: OMBI LA KUSOGEZA MTIHANI WA HISABATI KIDATO CHA TATU KWA AJILI YA SIKUKUU YA IDI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu (jina na mkondo). Ratiba ya mtihani wa kufunga muhula inaonyesha Hisabati itafanyika Jumatano tarehe 27 Mei, saa 2:00 asubuhi. Idi ya Kuchinja inatarajiwa siku hiyo au Alhamisi tarehe 28, kutegemea mwandamo wa mwezi. Sisi tunafuata tangazo la Mufti, na siku kamili itajulikana ifikapo jioni ya tarehe 18 Mei.

Naomba siku itakayotangazwa kuwa Idi iachwe bila mtihani kwa kidato chote, na karatasi ya siku hiyo ifanyike Ijumaa tarehe 29 Mei asubuhi, saa 2:00 hadi saa 5:00. Nimependekeza asubuhi ili wanafunzi wamalize kabla ya sala ya Ijumaa, na sikupendekeza Jumamosi kwa kuwa wapo wanafunzi wanaosali siku hiyo. Iwapo ofisi yako ina siku nyingine inayofaa zaidi, nitaipokea.

Nitafika ofisini Jumatano tarehe 20 Mei kukujulisha siku iliyotangazwa na kupata jibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(sahihi, jina na namba ya simu)

Tazama kilichomo. Tarehe zote mbili zimetajwa. Siku mbadala imependekezwa, ikiwa na saa yake na sababu yake. Mtoto wa Kisabato amefikiriwa kabla mkuu wa shule hajamfikiria, na hilo peke yake litamfanya akusome kama mtu anayeijua shule. Kuna siku ya kurudi kuchukua jibu, kwa hiyo barua haitalala. Katiba haimo, kwani mkuu wa shule anaijua.

Kisha ukague kama Ijumaa asubuhi imeshikwa na somo jingine la kidato hichohicho. Ikiwa imeshikwa, omba karatasi hizo mbili zibadilishane tu: ya Ijumaa ije siku isiyo ya Idi kati ya zile mbili, yaani Jumatano au Alhamisi, kutegemea mwezi. Mwalimu wa taaluma anapenda sana neno kubadilishana, kwa sababu hakumwongezei siku. Akisikia kuongeza siku, anaziona zile siku za kusahihisha zikiyeyuka.

Chapisha nakala mbili. Ipeleke mwenyewe au aipeleke baba yake. Usimpe binti, maana barua ya mzazi ikibebwa na mwanafunzi inageuka kuwa ombi la mwanafunzi, na maswali yatakayokuja ataulizwa yeye, amesimama, mbele ya walimu wanne. Ukifika, salimu kwanza, ulizia maandalizi ya mtihani yanaendeleaje, ndipo utoe barua. Nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Si kwa ajili ya kushtaki. Ni kwa sababu ofisi za shule zina mafaili mengi na meza chache.

Usiipandishe kwenye kundi la wasapu la wazazi kabla hujapata jibu. Nimeona ombi la adabu kabisa likiingia kule asubuhi, na kufika jioni limekuwa ugomvi wa dini mbili, na mkuu wa shule analisoma kwa mara ya kwanza akiwa tayari ametukanwa. Ukitaka mwenzako, mchukue mzazi mmoja Mkristo mwenye mtoto kidato hichohicho, mama unayechota naye maji au mnayeuza naye sokoni, atie sahihi chini yako. Sahihi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko ishirini za watu wa msikiti mmoja.

Kuna jambo moja uliloliandika kwa haraka mwishoni, nadhani ulitaka nisilione. Umesema ingekuwa vizuri mtihani ukisogezwa mpaka wiki inayofuata, ili mpate kwenda Tabora kwa bibi yake. Mama, hilo liondoe. Treni ya Mpanda haiondoki kila siku, barabara ni ndefu, na ukienda Tabora kwa Idi hurudi kesho yake, najua. Lakini sikukuu ni siku moja, safari ni jambo lako. Ukiichanganya safari ndani ya Idi, mwalimu akaja kugundua, mzazi mwingine atakayeomba kwa haki mwaka ujao atakuta mlango umefungwa na wewe. Na kama udhiya ndio unaowapeleka, waulize masheikh wako: kuchinja kunaruhusiwa baada ya sala siku ya Idi na katika siku zinazofuata. Hata Hisabati ikiwa Ijumaa asubuhi, mbuzi atakuwepo mchana.

Je, wakikataa? Waombe sababu, kwa upole, na kwa maandishi kama watakubali. Kama sababu ni kwamba karatasi zimekwisha rudufiwa, hiyo si sababu, karatasi iliyorudufiwa inakaa kabatini siku mbili bila kuoza. Kama ni kwamba siku hazitoshi, shuka hatua moja: omba siku ibaki lakini mtihani uanze saa 5:00 badala ya saa 2:00. Sala itakuwa imekwisha, watoto watakuwa wamekula, na shule haijapoteza siku. Si Idi kamili, lakini ni Idi. Wakikataa hata hilo, mwone Afisa Elimu Kata, peke yako, na ile nakala yenye muhuri. Binafsi, mtihani ukiwa ni wa shule na siku ikiwa ni sikukuu ya serikali, ningempeleka mwanangu kwenye sala kwanza na kumfikisha shuleni baada ya sala, nikiwa nimewaarifu mapema, hata kama atapoteza saa nzima ya mtihani. Wapo wasomaji watakaoniona nimelegea, na wapo watakaoniona nimekaza. Na wazee wenzangu wa ualimu najua wapo upande gani.

Lakini kwa wazazi kama wewe nina deni. Mwaka mmoja, nikiwa mwalimu wa taaluma katika shule ambayo sitaitaja, baba mmoja aliniletea barua wiki mbili kabla ya Idi ya Fitri. Ilikuwa barua nzuri kuliko ya kwako, mama, nisamehe. Nilimwambia mwezi bado, tutazungumza ukiandama. Nikaiweka chini ya faili la mahudhurio. Usiku ambao mwezi uliandama, nilikuwa nasahihisha. Asubuhi mtihani wa Biolojia ukaendelea kama ulivyopangwa, wenyewe tulisema siku zimebana.

Binti wa yule mzee alikuja. Alikuwa amevaa sare kama kawaida, ila mikono yake yote miwili ilikuwa na hina ya usiku huo, na vidole vya mkono wa kulia bado vilikuwa na ukoko wake. Nilikuwa msimamizi wa chumba. Alikuwa akiandika mstari mmoja, anainua mkono, analipuliza vumbi la hina lililoangukia karatasini, anaandika tena. Nilipokusanya majibu, ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na madoa ya rangi ya matofali kando ya kila jibu. Hakusema kitu, na baba yake hakurudi kuuliza. Barua yake niliikuta muhula uliofuata, nilipokuwa nalitafuta faili la mahudhurio.

Kwa hiyo nenda tarehe 20, mama, kama ulivyoahidi kwenye barua, hata kama mvua inanyesha. Na kama siku ya mkesha itafika jibu likiwa bado halijapatikana, binti apakwe hina mkono wa kushoto tu, wa kulia usubiri mpaka atoke kwenye chumba cha mtihani.